"Nitajaribu" ndiyo iliyomuumiza, si "hapana"

Ijumaa moja usiku nilikuwa nimekaa kitandani, viatu bado miguuni na simu mkononi, natafuta uongo wa kumwandikia mwenzangu wa kazini. Jumatano alikuwa amenialika kwake Jumamosi mchana. Alikuwa amehamia nyumba mpya na alitaka tukutane watu wachache, sita hivi. Wiki hiyo tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi, siku nne mfululizo nimelala baada ya saa sita usiku, na aliponialika nilijua palepale kwamba siendi. Lakini mdomo ukasema, "Nitajaribu."

Sikuandika kitu Ijumaa ile. Niliandika Jumamosi saa tano asubuhi kwamba naumwa. Akajibu, "Pole sana, ugua pole." Jioni, wageni wakiwa bado kwake, akanipigia kuniuliza kama nimepata dawa. Nilijibu kwa sauti ya mgonjwa nikiwa mzima kabisa, na hadi leo nikiikumbuka simu ile naona aibu. Baadaye nilisikia kwamba walichelewa kuanza kwa sababu yangu, maana mtu aliyesema atajaribu hungojewa.

Tangu hapo nina msimamo: kinachoharibu uhusiano na mwenzako wa kazini mara nyingi si kumkatalia, ni kumwacha akikuhesabu. "Nitajaribu", "tutaona" na "nikipata nafasi" vinasikika kama maneno ya upole, kumbe upole wake unamfaa msemaji tu. Mwalikaji anabaki hajui aandae vya watu wangapi, wala kama amwite mwingine achukue nafasi yako. Ukikataa Jumatano, unamnyima mgeni mmoja. Ukikataa Jumamosi asubuhi, unamwachia kiti kitupu na mzigo wa kukueleza kwa wenzake.

Wengi tunaahirisha jibu kwa sababu tunadhani "hapana" itamuumiza sana. Watafiti wawili, Julian Givi na Colleen Kirk, walilichunguza jambo hili kwa majaribio kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2023. Waligundua kwamba anayekataa mwaliko hukadiria madhara makubwa kuliko yale anayoyahisi mwalikaji. Anayekataa hudhani mwenzake atabaki akilitafuna lile neno "hapana", wakati mwalikaji huangalia zaidi kama mwaliko wake ulifikiriwa kabla ya kukataliwa. Nilipolisoma hilo nilielewa kwa nini jibu langu la Jumamosi lilikuwa baya: lilionyesha kwamba nilikuwa nimemfikiria kila mtu siku zile tatu isipokuwa yeye.

Miezi michache baadaye akanialika tena, safari hii kwenda kutembea Jumapili na wenzetu wawili. Nilikuwa nimechoka vilevile. Alinialika mbele ya watu, kwa hiyo sikumjibu pale, nilimwambia, "Asante kaka, nitakujibu leo kabla hatujatoka." Kukatalia mtu hadharani kuna uzito mwingine, hata ukitumia maneno laini namna gani. Saa tisa alasiri nikamwandikia hivi:

"Kaka, asante kwa kunikumbuka. Naomba udhuru kwa Jumapili, sitaweza kuja. Wiki hii imenimaliza na siku hiyo nataka nilale tu. Nyumba yako bado sijaiona na nataka kuiona. Jumanne tukitoka kazini naweza kupita kwa nusu saa?"

Ujumbe ni mfupi, lakini niliufuta na kuuandika upya mara tatu. Mwanzoni nilikuwa nimeandika "sidhani kama nitaweza". Nikaifuta, kwa sababu ni "nitajaribu" ile ile iliyobadilishwa nguo. "Sitaweza kuja" haimwachi mtu akikisia, na bado si kali kama "sitakuja", ambayo inaweza kusikika kama kiburi. Pia niliweka jibu mapema, sentensi ya pili tu. Ukianza na maelezo marefu ya uchovu, msomaji anajua habari mbaya inakuja na anaisubiri kwa mistari sita.

Sababu nayo nilijizuia isizidi sentensi moja, na ilikuwa ya kweli. Hapa ndipo watu wengi wanapojinasa. Sababu inayoweza kutatuliwa itatatuliwa, hasa na mtu anayekupenda. Ukisema huna usafiri, atakuja kukuchukua. Ukisema una kazi ya kumalizia nyumbani, atakuambia uje nayo. Ukisema huna muda kisha akuone mtandaoni mchana kutwa, hapo atahesabu kwamba muda ulikuwapo na yeye ndiye hakustahili. Uchovu hauna dawa anayoweza kukuletea zaidi ya kukuacha upumzike, na hata akikukuta umelala saa nane mchana, hakuna ulichomdanganya.

Kuna tahadhari moja. Mwenzako wa kazini mara nyingi amechoka kwa kazi ile ile iliyokuchosha wewe. Usimwambie "nimechoka sana, hujui tu", kwa sababu anajua. Zungumzia mwili wako na siku yako, usilinganishe.

Alinijibu, "Njoo hata saa moja tu." Zamani ningeongeza sababu ya pili: mara kichwa kinauma, mara nina mgeni. Safari hii nilirudia lile lile kwa upole: "Natamani, kaka, ila Jumapili nalala. Jumanne niko kwako." Sababu mpya baada ya ya kwanza huonyesha kwamba ya kwanza haikuwa ya kweli. Akaandika, "Haya, Jumanne basi," na yakaishia hapo.

Ile Jumanne ndiyo iliyobeba ujumbe wote. Kama hukusudii kwenda, usitaje siku. Asante na udhuru vinatosha. "Tutapanga siku nyingine" isiyo na siku yake ni deni ambalo wote wawili mnajua halitalipwa. Mimi nilitaja siku, saa na muda wa kukaa, kwa makusudi, ili iwe ahadi ndogo ninayoweza kuitimiza hata nikiwa nimechoka.

Nakiri kwamba namna hii ina mpaka. Ukiwa umemkatalia mtu huyo huyo mara tatu mfululizo, hakuna sentensi itakayomshawishi kwamba tatizo ni uchovu. Hapo mimi huenda, lakini naenda mapema, na nikifika tu namwambia mwenyeji saa nitakayoondoka. Kufika mwanzoni ukakaa saa moja unaonekana umekuja. Kufika mwishoni ukakaa saa hiyo hiyo unaonekana umepita njia. Na tukio lisilojirudia maishani mwake, kama harusi yake, silipimi kwa uchovu wa wiki moja.

Jumatatu asubuhi nilipita mezani kwake kabla sijawasha kompyuta, nikamuuliza matembezi yalikuwaje. Sikuanza na msamaha, kwa sababu nilishaomba udhuru, na kuurudia kungemlazimu yeye anibembeleze mimi. Akanisimulia walivyopotea njia wakazunguka karibu saa nzima, akanionyesha na picha. Nilikuwa nimelala vya kutosha, kwa hiyo nilimsikiliza kwa kweli.

Jumanne nilifika kwake. Ilipotimia nusu saa nilisimama kuaga. Akanishika mkono, akasema bado hajanionyesha chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake linapata jua la jioni. Nikakaa dakika ishirini zaidi.