Tunduma Saa Sita, Nakonde Saa Tano

Simu yangu mpaka leo haijui iko nchi gani. Tangu turudi inaamka yenyewe usiku, inajirudisha nyuma saa moja, halafu alfajiri inakumbuka ni ya Tanzania na kukimbia kuja mbele. Jana imenichelewesha daladala, nimefika kazini bosi ameshakunja mikono. Nikimweleza ni mambo ya Zambia, ananiangalia tu. Watu wa mjini wanapanda basi, hawajui mateso ya mtu aliyevuka Tunduma kwa treni ya TAZARA usiku.

Ngoja niwaeleze hii saa kwanza. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Huo si ugomvi wangu, jua lao wanalijua wenyewe. Ugomvi unaanza pale ratiba inapoandika kila stesheni kwa saa za nchi yake. Tunduma ni stesheni ya mwisho kwetu, Nakonde ni ya kwanza kwao, na kati yake ni mwendo wa kuvuta pumzi. Kwa hiyo treni ikitoka Tunduma saa sita na robo usiku, inaingia Nakonde saa tano na kitu, usiku uleule. Yaani unafika kabla hujaondoka! Mtu mzima na akili zangu, nimekaa kitandani na ile karatasi, natoa, najumlisha, naigeuza juu chini. Mchana ningeliona jambo la kuchekesha. Usiku wa pili ndani ya behewa, umeshayameza mahandaki yote ya kati ya Mlimba na Makambako, mgongo umeshika umbo la kitanda, hesabu hizo zinakutoa machozi.

Basi tunasimama Tunduma. Msidhani wanabadilisha magurudumu, maana reli ni ileile yenye upana wa milimita 1,067 toka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Chuma kinapita mpaka hakiulizwi kitu. Anayesimamishwa ni binadamu. Wenzetu wa barabarani wana kituo chao cha pamoja tangu 2019, unagongewa kutoka na kuingia sehemu moja, unaenda zako kula mishkaki. Sisi wa reli tunaamshwa mara mbili. Kwanza uhamiaji wa kwetu wanapanda kukutoa, treni inajikokota, halafu wa kwao wanapanda kukuingiza. Ukijidanganya kusinzia hapo katikati, basi utasinzia ukiwa huna nchi.

Chumba chetu daraja la pili, vitanda sita, wanaume watupu, maana wanawake wana vyumba vyao isipokuwa familia ikikata chumba kizima. Mimi kitanda cha chini. Niliking'ang'ania tangu dirishani kwa mkata tiketi, kumbe nilikuwa nakodi ofisi. Afisa wetu alifungua mlango, tochi usoni, akakaa miguuni pangu kwa adabu zote, akaangaza kutafuta meza. Meza hakuna. Akaona hotpoti yangu aliyonifungia mke wangu, mfuniko wake bapa. "Samahani mzee," akaivuta, na pasipoti sita zikagongwa mihuri juu ya mfuniko wa hotpoti. Pasipoti ya tano ikateleza. Hotpoti yangu sasa ina nusu muhuri wa kutoka Tanzania, na muhuri wa kurudi haina. Mke wangu kasugua kwa mchanga, kasugua kwa majivu, wapi.

Sasa huyo wa pasipoti ya tano ndiye aliyetumaliza.

Alilala kitanda cha katikati, juu yangu kabisa. Jina sikumuuliza, nilimwita Mzee wa Kandambili, maana alikuwa na mabegi ya kandambili chini ya kitanda changu, juu ya kitanda chake, na moja likining'inia mlangoni kama popo. Anapeleka Kasama. Tangu Mbeya alikuwa akitufundisha biashara. Anasema sisi wajinga, tumekata tiketi ya moja kwa moja kwa shilingi. Yeye amekata inayoishia Tunduma, shilingi zinaishia palepale, halafu Nakonde anashuka mbio dirishani, anakata ya Zambia kwa kwacha. "Kila nchi ilipwe kwa hela yake," alisema, na mwanafunzi mmoja wa kitanda cha juu akaandika.

Muhuri ukapigwa, afisa akatutakia safari njema, akaenda chumba cha pili. Treni bado imesimama Tunduma. Dakika chache, mlango tena. Mkaguzi wa tiketi.

"Tiketi."

Mzee wa Kandambili akatoa yake. Mkaguzi akaisoma, akaigeuza, akasoma mgongo.

"Baba, hii imeishia hapa. Shuka."

"Nashukaje? Nakata nyingine Nakonde."

"Nakonde hujafika."

"Ndiyo naenda."

"Unaenda na tiketi gani?"

Hapo ndipo wote tulipoelewa, tukakaa vitandani. Tiketi yake imekufa Tunduma, ya pili itazaliwa Nakonde, na yeye na kandambili zake wako kwenye kale kakipande cha reli ambako hana karatasi ya mtu yeyote. Mkaguzi akamwambia kwa upole, ateremke, avuke kwa miguu na wenzake wa mjini, akapandie ng'ambo. Mzee akafungua pasipoti na kumwonyesha ule muhuri, wino bado unang'aa.

"Nimeshatoka Tanzania. Nikiweka mguu chini nakuwa nimeingia tena. Utanigongea wewe?"

Mkaguzi akanyamaza. Nasema ukweli wangu, nilimheshimu yule mzee dakika hiyo. Kushuka hawezi, serikali imeshamtoa. Kuendelea hawezi, reli haimjui. Mwanafunzi wa juu akafuta alichoandika.

Angekomea hapo angeshinda. Lakini mtu wa kandambili hajui kukomea. Akatazama saa yake, ambayo alikuwa ameshairudisha nyuma tangu Mbeya ili aizoee Zambia, akasema: "Tena sikiliza. Tiketi inasema Tunduma saa sita. Sasa hivi saa tano na dakika tano. Tunduma sijafika bado. Niache nilale, uje baada ya saa nzima."

Mkaguzi akatazama saa yake. Saa sita na dakika tano. Wakasogezeana mikono puani, kila mmoja na saa yake, na mimi kwa kuwa ndiye mwenye ofisi nikaombwa niamue. Nikatoa simu. Imekamata mtandao wa Zambia, inasema saa tano. Nikaigeuza upande wa mlangoni, ikakamata wa kwetu, saa sita. Nikairudisha, saa tano. Na kila ikigeuka inakula salio, naliona linavyoteremka, hela niliyoweka ya kumpigia shemeji yangu aje kunipokea! Nikawaambia jamani mimi ni abiria wa kawaida, nina tiketi nzima, nimelipa, naomba kulala. Sauti ilinitoka vibaya, nadhani mpaka chumba cha wanawake walinisikia.

Ikaamuliwa aandikiwe tiketi mlemle ndani, kutoka Tunduma mpaka Kasama, na faini ya kukutwa hana. Alipe kwa shilingi, maana tiketi inaandikiwa Tunduma. Shilingi hana! Ameshazibadilisha zote. Wale vijana wa kubadilisha fedha waliingia nusu saa kabla, mmoja kichwa dirishani, mwingine mlangoni, naye akawapa mpaka ya mwisho, kwa sababu kila nchi ilipwe kwa hela yake. Tukachungulia nje kuwatafuta. Wamehamia mabehewa ya nyuma. Na katika ule mshiko wa kwacha aliopewa, mwanafunzi akamulika tochi akakuta noti mbili zenye masifuri marefu, zile za zamani ambazo Zambia walishazikata sifuri tatu toka mwaka 2013. Mzee akasema hizo ndizo alizozipenda zaidi.

Nani akatoa shilingi? Mwenye ofisi. Nikatoa, nikaandikiwa ahadi nyuma ya boksi la kandambili, saizi arobaini na mbili. Akanipa na rehani, pea moja, yote ya kushoto.

Treni ikajivuta. Nakonde. Mlango tena, afisa wa kwao, kijana nadhifu, akaanza kwa Kiingereza, akatuona sura, akahamia Kiswahili safi kuliko cha mkaguzi. Sisi wengine ilikuwa rahisi: unakwenda wapi, siku ngapi, muhuri. Hotpoti niliificha. Kufika kwa Mzee wa Kandambili:

"Unakaa siku ngapi?"

"Mpaka mzigo uishe."

"Mzigo gani?"

Usiku huo hatukulala tena. Begi moja moja lilifunguliwa, tena kwanza lile la chini ya kitanda changu, ikabidi niamke nisimame koridoni na blanketi begani, nikimsikiliza afisa akiuliza kama hizi zote ni za kuvaa mwenyewe.

Asubuhi nikaenda behewa la chakula kutafuta chai. Kuku yuleyule wa jana, mpishi yuleyule, ila sasa anataka kwacha. Shilingi zangu anaziangalia kwa huruma. Nikamwambia jana ulizipokea vizuri tu, akasema jana tulikuwa Tanzania. Sina hoja. Nikanywa maji.

Halafu msidhani ukifika New Kapiri Mposhi umefika Lusaka. Reli yetu inaishia kwenye stesheni yake yenyewe, na reli ya Zambia ina stesheni nyingine huko mjini, kwa hiyo abiria mnamwagwa wote uwanjani na vifurushi, na wapiga debe wa mabasi wanawagawana. Bado kilomita kama mia mbili. Mmoja alishika begi langu, mwingine akashika hotpoti, kila mmoja anaapa basi lake linaondoka sasa hivi. Nikaifuata hotpoti, maana begi lina nguo tu. Nikakuta basi lina dereva na kuku wawili. Nikauliza tunaondoka lini, kondakta akasema likijaa. Nikauliza linajaa lini, akanionyesha abiria wote wale wa treni wanakuja, wakapita, wakaingia basi la pili lililoshika begi langu.