Uso Umetoka Kwenye Duara

Apu ninayouzia mikeka inasema eti pesa yangu "inashughulikiwa". Inashughulikiwa na nani, wakati mkeka ushafika Dar, mteja ashaulalia, na mimi huku Makorora, Tanga, nakunywa chai ya rangi?

Kufungua duka kwenye hiyo apu si kazi, namba ya simu, jina la duka, picha za mikeka, basi. Kasheshe ni uhakiki. Unaandika namba ya NIDA, tarakimu 20, nane za mwanzo tarehe ya kuzaliwa kwa hiyo hata umri hupunguzi, halafu unapiga picha kadi. Napiga, linasema mng'ao. Nahamia dirishani, mng'ao. Mpaka dogo mmoja wa darasa la saba akailaza juu ya kitambaa cheusi, akazima flashi, kona zote nne zikaonekana, ikapita. Halafu ananidai mia tano!

Ikaja selfi ya kuthibitisha niko hai. Mimi! Vua kofia, nikavua. Vua miwani, nikavua, sasa maandishi siyaoni. Geuza kichwa kushoto polepole, kulia, fumba macho, fumbua, tabasamu. Nipo barazani nafanya hayo yote kwa heshima zangu, jirani Bi Mwanaasha anapita na ndoo, anakuta mtu mzima anapepesa macho na kutabasamu upande wake. Kasimama. "Baba Salma, u mzima kweli?" Nafungua mdomo nimjibu, simu inasema uso umetoka kwenye duara, anza upya. Nikaanza upya, naye akaita wenzake! Nageuka kushoto wanacheka, nageuka kulia wapo wengine, linaniambia nisicheke na mimi sicheki, jamani, hapo nalia.

Oda ikaja, mkeka wa ukili 45,000, nikaupeleka Kange kwenye basi, namba ya risiti ya mzigo nikaijaza kwenye apu. Kuna mwingine alinitumia linki eti "thibitisha malipo" na kuomba namba iliyoingia kwenye meseji, huyo nikamblok palepale.

Malipo sasa. Mpaka mteja abonyeze kapokea, na siku za kurudisha mzigo ziishe, ndipo wakate asilimia 10 yao, ibaki 40,500. Siku zikaisha, pesa zikatumwa benki, zikagonga mwamba! Akaunti niliifungua na kadi ya kura, inasema Mohamed Ally, NIDA inasema Mohamedi Ali Mohamedi, na mashine haijui kwamba wote hao wanakula ugali mmoja. Nikahamishia kwenye laini ya simu, ile imesajiliwa kwa alama za vidole kwa hiyo jina ni la NIDA vilevile. Sawa, ila ukibadilisha pa kupokelea wanakuzuilia malipo siku kadhaa, eti usalama wangu. Usalama wangu na njaa hii?

Na mama Salma ashaipangia yote, gesi, ada ya madrasa, sare. Hata muuza dagaa siku hizi ananiita bosi wa mtandaoni, fungu kapandisha bei, nikamuuliza kwani dagaa nao wanakatwa komisheni? Kajibu wametoka Mwanza, bosi, nauli.