Kiunzi au ramani ya kina? Dera kwenye picha ya jinzi

Muuzaji wa nguo ana picha nzuri ya dada aliyekubali itumike dukani: amesimama, mkono mmoja kiunoni, miguu imeachana kidogo, amevaa fulana na jinzi ya kubana. Anamtaka dada yuleyule, kwa mkao uleule, ila ndani ya dera. Kwenye Stable Diffusion, programu ya akili bandia ya kuchora picha, atalifunika eneo la nguo ili lichorwe upya, ataandika anachotaka, kisha ataushikilia mkao kwa ControlNet, nyongeza iliyotoka mwaka 2023 inayoifanya picha mpya ifuate mwongozo uliopewa. Ubishi unaanzia hapo: mwongozo uwe kiunzi cha mwili au ramani ya kina?

Wanaoipenda ramani ya kina wana hoja. Ni picha ya kijivu: kilicho karibu na kamera hung'aa, kilicho mbali hufifia. Kwa hiyo inajua mkono upi uko mbele ya tumbo na upi uko nyuma. Kiunzi cha OpenPose hakijui hilo, kwani ni nukta 18 za mwili zilizounganishwa kwa vijiti vya rangi. Mtu akikunja mikono kifuani, kiunzi peke yake huweza kukuletea mikono iliyosukana kama ukili.

Lakini ramani ya kina haiuoni mwili. Inaona nguo ya zamani. Katika picha yetu imehifadhi miguu miwili na pengo la pembetatu kati ya kiwiko na kiuno. Ukiiacha kwenye Control Weight, yaani uzito wa mwongozo, ya 1 hadi hatua ya mwisho ya uchoraji, utapata suruali yenye maua ya dera. Litazame lile pengo: kama ukuta wa nyuma bado unaonekana pale ambapo kitambaa kipana kingepaswa kuning'inia, ramani imeshinda.

Kwa maoni yangu, tunaposema mkao ufuatwe "sawasawa" tunachanganya mambo mawili: viungo kubaki mahali pake, na umbo la nje kubaki lilivyo. Dera linataka la kwanza na linakataa la pili. Ningeanza na kiunzi kwa uzito 1, halafu ramani ya kina kwa 0.4, na Ending Control Step yake, yaani sehemu ya hatua ambayo ikiisha mwongozo unaachia, iwe 0.4. Kwa hatua 30, ramani inaachia kwenye ya 12; mpangilio wa mikono umeshakaa, na kitambaa kinapata nafasi ya kuanguka kivyake. Eneo lililofunikwa nalo lipanuliwe hadi pale pindo litakapofika. Likiishia kwenye ukingo wa jinzi, hakuna namba itakayokuokoa.

Shati kwa shati la mkato uleule, ramani ya kina inatosha, tena inashinda kiunzi.

Kugeuza kanzu kuwa suruali ni kesi nyingine. Magoti yaliyofichwa na kanzu, kiunzi huyakisia, na ramani haina la kusema juu yake. Miguu itakayochorwa ni ya kubuni, hata ikipendeza. Hapo mimi ningempiga mteja picha upya.