Asante, ila sikukuomba unibadilishie hela

Nimerudi safari jana na bado nina hasira na ile mashine ya kadi. Natoka hoteli, bili yuro 200, dada wa mapokezi kachomeka kadi, kageuza mashine upande wake, kabonyeza kitu, kanipa risiti. Nacheki, nimelipa kwa hela ya nyumbani! Nani kakuambia? Na chini ya risiti imeandikwa eti mteja amepewa nafasi ya kuchagua sarafu. Mteja yupi huyo?

Mashine inasoma tarakimu za mwanzo za kadi, inajua benki yako ni ya wapi, ndio inakuletea ile huruma yake ya "lipa kwa sarafu yako". Ukikubali, reti haipangwi tena na mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, inapangwa na kampuni iliyo nyuma ya mashine, imeshajazia cha juu chake humo humo, na mwenye duka mara nyingi anagawiwa kidogo. Ndio maana wanaandika "hakuna kamisheni" bila aibu. Kamisheni ya nini wakati wameshaila kwenye reti?

Nitumie namba rahisi. Tuseme kwa mtandao wa kadi yuro 1 ni 100 za kwetu, bili ni 20,000. Mashine ikaweka 106, ikawa 21,200. Sasa kinachouma zaidi, benki nyingine zinakata ada ya muamala wa nje hata kama umelipa kwa hela ya nyumbani, kwa sababu duka lenyewe liko nje. Ada ikiwa asilimia 2, nafika 21,624. Ningelipa kwa yuro, na ada hiyo hiyo ya benki, ni 20,400. Yaani 1,224 imeondoka kwa kitufe kimoja ambacho hata sikukibonyeza mimi.

Haya, kuna wanaosema angalau unajua hapo hapo umelipa kiasi gani. Sawa, ni kweli. Kujua mapema kwamba unapigwa nayo ni huduma, sikatai.

Nilirudi mapokezi kabla sijatoka mlangoni, nikamwambia afute muamala aanze upya kwa yuro. Akasema haiwezekani. Nikasimama. Foleni ikawa ndefu nyuma yangu, ghafla ikawezekana.

Halafu ATM ndio wajanja zaidi. Wanakuandikia ACCEPT CONVERSION na DECLINE CONVERSION, na hiyo ya pili wanaizungushia maonyo mpaka unadhani ukiibonyeza hela haitoki, ndio maana watu wanakubali kwa woga. Usiku ule nilibonyeza DECLINE moyo unadunda, kadi ikakaa ndani kama nusu dakika hivi, nikaanza kuwaza nitalala wapi. Hela ikatoka yote, kwa reti ya mtandao wa kadi.