Aliyejua wawili kati ya watatu hastahili sifuri

Wiki iliyopita, tukisahihisha mtihani wa Biolojia, nilipinga mwongozo wa usahihishaji mbele ya wenzangu na bado sijatulia. Swali liliwataka wanafunzi waweke alama ya vema kwa kila mnyama aliye mamalia kati ya popo, nyangumi, mbuni, pengwini na kiboko. Msichana mmoja aliweka vema kwa popo na kiboko, akamwacha nyangumi. Jirani yake aliweka vema kwa wote watano. Kwa kuwa mwongozo ulidai jibu kamili au sifuri, wote wawili walipata sifuri, ingawa mmoja alikuwa ameonyesha wazi kwamba anamtambua mamalia hata akiwa na mabawa, na mwingine hakuonyesha chochote.

Mwenzangu alijibu kwamba tukigawa alama tutawazawadia wabahatishaji. Hofu hiyo ina msingi iwapo tutagawa ovyo. Tukitoa alama moja kwa kila vema sahihi bila kukata kitu, aliyeweka vema kote ataondoka na alama zote tatu. Na tukihesabu kila mnyama kama swali dogo la ndiyo au hapana, hata aliyeacha karatasi tupu atapata mbili kati ya tano, kwa sababu tu hakumgusa mbuni wala pengwini.

Dawa yake ni kukata kwa kipimo. Majibu sahihi ni matatu na ya kupotosha ni mawili, kwa hiyo kila vema lisilo sahihi likatwe alama moja na nusu. Hapo aliyeweka vema kote hupata tatu, hukatwa tatu, hubaki na sifuri. Aliyeacha wazi hupata sifuri. Msichana wetu hupata mbili. Angemwongeza pengwini, angebaki na nusu. Jumla isishuke chini ya sifuri, na wanafunzi waelezwe kanuni hiyo kwenye karatasi kabla hawajaanza kujibu. Nakubali kwamba palipo na hatari, kama katika kutambua dawa zisizopaswa kupewa mgonjwa fulani, jibu pungufu linaweza kunyimwa alama zote, lakini hili halikuwa swali la namna hiyo.

Kwenye kweli au si kweli yenye sababu, nina msimamo mkali zaidi: neno «si kweli» peke yake lisipewe alama, kwani hata asiyejua ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kulipata. «Nyangumi ni samaki» lilikuwa na alama mbili, na aliyeandika «si kweli, kwa sababu ni mkubwa mno» alipewa moja ambayo hakuistahili hata kidogo. Aliyeandika kwamba nyangumi hunyonyesha apewe zote mbili. Aliyeandika kwamba hupumua kwa mapafu apewe moja, kwa kuwa ameikaribia hoja, ila kamongo wa Ziwa Viktoria naye ana mapafu na ni samaki.