Kreatini ya mtu asiyenyanyua chuma

"Kopo la kreatini, ule unga wa kuongeza nguvu za msuli, ninalo nyumbani, jimu nimeshaacha. Nikiendelea kunywa bila zoezi lolote, inanisaidia chochote?"

Vijana wa jimu watakwambia unakojoa hela. Wamekosea pale mwanzo. Msuli haungoji unyanyue chuma ndipo upokee: kunywa gramu 3 hadi 5 kila siku, na baada ya wiki nne hivi akiba ya kreatini ndani ya msuli imejaa, hata kama unashinda kitini. Mwaka 1992 watafiti waliwapa watu kreatini huku wakiendesha baiskeli kwa mguu mmoja tu. Mguu uliofanya kazi ulibeba zaidi, lakini hata ule uliopumzika ulipanda. Ghala likishajaa ndipo kinachozidi kinatoka na mkojo.

Shida ni kwamba kujaa si kukua. Kreatini humrudishia msuli nguvu upesi katika zile sekunde chache za kazi nzito. Anayenyanyua anapata marudio mawili matatu ya ziada, na ni hayo marudio yanayojenga mwili. Wewe huna marudio ya kuongeza. Mizani ikipanda kilo moja, mengi ya hayo ni maji yaliyofuata kreatini ndani ya msuli. Kule Brazili, wanawake waliokoma hedhi na mifupa yao imeanza kupungua walipewa gramu 3 kila siku kwa miaka miwili, bila kupangiwa mazoezi. Mifupa, misuli na nguvu zao hazikutofautiana na za wenzao waliokunywa unga usio na kitu. Miaka miwili mizima!

Kwa hiyo anayetetea kopo lako ahamie kichwani, maana ubongo nao hutumia kreatini. Mwaka 2003, Australia, vijana wasiokula nyama walikunywa gramu 5 kila siku kwa wiki sita, na majaribio yao ya kumbukumbu na kufikiri yakawa bora. Niliupenda sana utafiti huo. Hoja yake inaingia akilini: kreatini ya chakula hutoka kwenye nyama na samaki, kwa hiyo mla maharage ndiye angefaidi. Ila mwaka 2023 jambo hilo lilipimwa tena kwa watu 123, wala nyama na wasiokula. Faida iliyoonekana ilikuwa ndogo mno, na wasiokula nyama hawakuwapita wenzao.

Kwenye vipimo vya damu, hata hivyo, kopo linaweza kuonekana. Kreatini mwilini hugeuka kreatinini, ambayo ndiyo daktari huisoma kukadiria figo. Unywaji unaweza kuipandisha kidogo ilhali figo ni nzima, na karatasi ya maabara haijui kwamba unakunywa. Ukienda kupima, mwambie daktari kabla hajachukua damu.