Lile daftari la mahudhurio

Jamani naomba nianze kwa kusema ile stori mliyoletewa na yule jamaa yetu wa Mwanza, eti nilitukana watu na kuimba saa nzima kwenye kikao cha Zoom, imetiwa chumvi mpaka imekuwa ng'onda. Sikumtukana mtu. Sikuimba. Na haikuwa saa nzima, ilikuwa dakika 4 tu, najua kwa sababu rekodi ipo na nimeshaisikiliza mara 3 nikiwa nimejifunika shuka.

Iko hivi. Kikao cha robo mwaka, Zoom, watu 90 na ushee, mikoa yote, bosi mkubwa ndani, na mratibu ambaye siku zote ndo anafungua yuko likizo ya uzazi. Nikaambiwa wewe kijana unajua mambo ya kompyuta, utafungua wewe. Mimi kujua kwangu mambo ya kompyuta ni ile siku niliyochomoa printa nikairudisha ikawaka, basi.

Ila kufungua nilifungua vizuri, na hili naomba liandikwe. Saa 2 na dakika 45 nimo ndani, shati limepigwa pasi (suruali msiulize), nimewasha kurekodi kwa ajili ya watakaokosa. Wanaoingia mapema nawasalimia kwa sauti mmoja mmoja, shikamoo huyu, mambo vipi yule, za Mtwara, za Kigoma, wakati huo hamna anayeongea kwa hiyo ruksa. Saa 3 kamili nikasema karibuni, tutamaliza saa 5, simu zote kimya, maswali andika kwenye chati. Nikabonyeza Mute All na nikaondoa ile tiki inayowaruhusu watu kujifungulia maiki wenyewe, maana kikao kilichopita kuna mtu alitusikilizisha akibishana na fundi bomba dakika nzima. Nikamtumia mama wa fedha peke yake ombi la kufungua maiki, akakubali, akaanza bajeti. Mimi yangu nikafunga, nikaiona kabisa ina mstari mwekundu. Kumbukeni huo mstari.

Sasa wachelewaji. Nilikuwa nimeacha chumba cha kusubiri, yaani kila anayekuja anabisha hodi mpaka nibonyeze Admit. Kwa watu 10 inafaa. Kwa watu 90 unageuka mlinzi wa geti, mama yuko kwenye mafuta ya magari, mimi nabonyeza tu, Admit, Admit, Admit. Dakika ya 10 nikakizima, waingie wenyewe. Hapo nilikuwa sahihi, ningeishia hapo leo tungekuwa tunaongea mengine.

Lakini si mnajua tulivyolelewa. Mtu mzima anaingia sebuleni umekaa, unamwangalia tu? Akaingia mzee mmoja wa kanda, mtu wa heshima zake, nikaona siwezi kumkatiza mama, ila siwezi pia kunyamaza, nikaandika kwenye chati "Shikamoo mzee, karibu sana". Na sikuangalia pale juu inaenda kwa nani. Ilikuwa Everyone.

Aisee. Ukitoa shikamoo mbele ya Watanzania 90, wale 89 waliobaki wanaonekana hawana adabu. Ndani ya dakika chati imejaa, shikamoo mzee, shikamoo baba, mzee anajibu marahaba kila mtu na jina lake, halafu akina mama wazima nao wakaanza kupewa zao, mtu wa Songea anauliza za huko Tanga mvua zimeanza, tukawa kama tumekutana msibani. Swali la bajeti liliandikwa moja, likazikwa chini ya marahaba 20. Mama wa fedha akasema kwa upole, "naona chati imechangamka". Nikaona aibu, nikaifunga hiyo chati kabisa nisiione.

Wadau, shikeni vidole: chati nimeifunga. Maiki za watu nimezifunga. Simu yangu niliigeuza uso chini, kimya, kuwa mfano kwa wengine. Na hosti msaidizi sikuteua, nilisahau. Yaani nimejizibia njia zote ambazo binadamu mwenzangu angeweza kunifikia. Ngome ya Mreno ilikuwa na milango mingi kuliko mimi asubuhi ile.

Ndo likaja daftari. Niliombwa niandike nani kachelewa na kaingia saa ngapi, ile kauntabuku ngumu, kwaya 3, na meza yangu ni hii mnayoijua, ina laptopu, kikombe, sahani ya chapati na hamna pengine. Nikaliweka daftari juu ya kibodi. Kona yake moja ikalalia ile batani ndefu ya chini, spesi.

Msicheke kwanza, bado hatujafika.

Mimi sikuwa najua, nani anajua haya mambo, kwamba Zoom ukiwa umefunga maiki halafu ukaishikilia spesi, maiki inafunguka kwa muda wote utakaoishikilia. Imewekwa makusudi, uitikie neno moja uachie, ifunge. Ila lazima uwe umebofya kwenye dirisha la mkutano lenyewe, ungekuwa umebofya kwenye chati ingeandika nafasi tupu tu. Na mimi kitu cha mwisho kubofya ilikuwa picha ya mama wa fedha nimuone vizuri. Kwa hiyo daftari likawa limenishikia spesi kwa uaminifu ambao sijawahi kuupata kwa mfanyakazi yeyote. Vile vibatani vya chini navyo vikikaa bila kuguswa na mausi vinajificha, mstari mwekundu umeondoka na mimi sina habari.

Nikaanza kuwasalimia kwa sauti. Polepole. Peke yangu chumbani, nikijua sisikiki, moyo upate amani.

Anaingia wa kwanza. Nikaandika jina, nikasema, "Eeeh shikamoo mzee, saa 3 na nusu ndo unaamka, ingekuwa na posho ungelala hapa hapa."

Akaja mtu anaitwa Galaxy A14. Nikamwangalia. "Hii simu nayo ya nani. Karibu simu. Kaa popote simu."

Akaja ndugu yetu wa Mbeya, huyo alikuwa anaingia mara ya 4. "Karibu tena." Akakatika. "Haya, kwaheri." Akarudi. "Huyu mtandao wake kama mlango wa choo cha stendi, haufungi, haufunguki."

Nikamega chapati. Nikatafuna karibu na maiki, kwenye rekodi inasikika kama mtu anatembea kwenye majani makavu.

Halafu nikanyanyua macho nikamwona mama wa fedha amenyamaza. Mdomo umeachama kidogo, jicho limetoka, kalamu iko hewani. Nyuma yake pazia halitikisiki. Nami sasa akili ikaniambia, mtandao. Na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kwenye skrini yangu kila kitu kilikuwa sawa kabisa. Kwa sababu Zoom ukiongea wewe, sura yako inakuwa kubwa kwa wenzako, kwako hapana, wewe unabaki unamwona aliyeongea kabla yako. Watu 90 wananiona mimi ukuta mzima, shavu limejaa chapati. Mimi namwona mama.

Nikasogea karibu na skrini kabisa. (Kwenye rekodi hapo linakuja paji la uso na pua.) Nikamchunguza. Nikasema, na naomba Mungu anisamehe, nilisema kwa huruma kabisa, "Masikini mama kaganda. Kaganda vibaya huyu. Kama changu kwenye friji."

Kimya.

"Mdomo wazi hivyo hivyo. Akirudi asije akaanza tena kwenye mafuta, tutakufa hapa."

Kimya. Nikahesabu kichwani, 1, 2, 3. Ndo nikaona changu anapepesa macho. Taratibu. Mara moja. Halafu mdomo ukasogea, na sauti ikaja safi, haikatiki, kwa utulivu wa mtu aliyelea watoto watano:

"Sijaganda, baba. Nakusikiliza wewe."

Damu iliondoka mwilini nikaisikia inaondoka. Masikio yakawa ya moto, miguu ya baridi. Nikaruka, nikanyakua daftari juu ya kibodi, nikaanza kuomba radhi, mama naomba unisamehe, mzee wa kanda nisamehe, sikujua, maiki hii, ni ibilisi, mimi mama nakuheshimu kama mzazi, niliongea vizuri sana jamani, nilikaribia kulia, nusu dakika nzima kutoka moyoni. Mama akasubiri nimalize. Akasema:

"Hatukusikii."

Daftari limetoka, spesi imeachiwa, maiki imejifunga. Matusi yote yalikwenda hewani, msamaha ndo ukabaki chumbani kwangu.

Basi mengine nayapitisha haraka. Nilipofungua chati nilikuta meseji zaidi ya 40 za "maiki yako", simu ina misdi kolu 11, 6 za yule jamaa wa Mwanza ambaye anasema alikuwa ananiokoa ila nina mashaka alikuwa anapiga huku anacheka. Galaxy A14 alikuwa mjumbe wa bodi. Alikaa popote kama nilivyomwelekeza. Bosi hakusema kitu, alituma kidole gumba tu na mpaka leo sijui ni cha nini. Mama nilimfuata ofisini na soda mbili, akapokea zote mbili.

Kikao kilichofuata mlango kapewa dada wa utumishi, hosti msaidizi, kazi yake moja tu, ana uwezo wa kufunga maiki na anaangalia chati muda wote. Hasemi karibu kwa mtu mmoja mmoja. Kila baada ya kama dakika 10 anaweka mstari mmoja kwa wote, "Karibuni mlioingia, shikamooni, tupo slaidi ya 7 anaongea mama wa fedha, maswali hapa hapa", na ameweka hilo neno shikamooni makusudi kwa wakubwa wote kwa mpigo ili asitokee mwingine wa kuanzisha. Anaurudia kwa sababu anayeingia kachelewa haoni yaliyoandikwa kabla yake, ukiweka mara moja saa 3 wa saa 3 na nusu hajui kitu. Mwenye jina la simu ndo anaandikiwa pembeni peke yake, samahani ni nani mwenzetu, na hapo anaangalia mara mbili pale juu inaenda kwa nani. Mimi nimeingia kwenye mipangilio ya sauti nikaondoa tiki ya ile spesi, na kikao kile nilikaa nimekalia mikono.

Juzi nikakutana na mama kwenye korido, amebeba mafaili. Nikampa shikamoo. Akasimama. Mdomo akauachama kidogo, jicho akalitoa, mkono hewani, hapumui, sekunde 3 nzima watu wanapita.

Halafu akasema marahaba akaendelea na safari yake.